Mitamba Watatu Waliokufa: Maelezo ya Afisa wa Mifugo Kakamega

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na Afisa wa Mifugo mbele ya baraza la wafugaji, Kakamega.



Nimeombwa niwaeleze habari za mitamba watatu waliokufa katika boma moja la hapa kwetu, kwa maana maneno mengi yamesemwa juu ya vifo hivyo, na mengine si mema. Imesemwa kwamba mitamba hao walilishwa sumu. Imesemwa hata ni jirani gani aliyewalisha. Mwenye mali amenipa ruhusa niyaeleze yote niliyoyaona, ila nisimtaje jina, nami nitafanya hivyo. Nitawaeleza kwanza mambo yalivyotokea, kisha niliyoyaona ndani ya mzoga, kisha sababu ya vifo, na mwisho yatupasayo kufanya.

Mambo yalivyotokea

Mfugaji huyu alikuwa na ng'ombe watano wa kienyeji ambao amewafuga miaka mingi bila taabu. Akanunua mitamba wanne wa gredi kutoka shamba moja la mbali, ambako ng'ombe hufungwa bandani na kuletewa majani, wala hawatoki kwenda malishoni. Mitamba walifika nyumbani siku ya Jumapili. Jumatatu asubuhi walitolewa kwenda kulisha pamoja na wale wa kienyeji, katika uwanja ulio kando ya kijito. Jumamosi, ambayo ndiyo siku yake ya kupiga dawa ya kupe, aliwapiga dawa wote tisa kwa bomba la mkono.

Siku ya 12 tangu kufika, mtamba mmoja alionekana amezubaa, na chini ya sikio lake palikuwa na uvimbe mgumu mfano wa yai. Mwenyewe alidhani amechomwa na mwiba. Siku iliyofuata wawili wengine wakawa vivyo hivyo. Alikwenda dukani akanunua dawa ya sindano ya oksitetrasaiklini, akawachoma mara mbili. Hawakupata nafuu. Walianza kukohoa, wakawa wanahema kwa nguvu huku wamenyoosha shingo. Siku ya 19 wa kwanza akafa. Nyama yake iligawanywa na kuliwa. Siku ya 20 wa pili akafa. Usiku wa kuamkia siku ya 21 wa tatu naye akafa, nami nikaitwa alfajiri. Ng'ombe watano wa kienyeji walikuwa wazima kabisa, wanakula na kucheua.

Hapo ndipo neno la sumu lilipozaliwa. Watu waliuliza, na swali lao lilikuwa na maana: ikiwa ni ugonjwa, mbona umechagua wageni na kuwaacha wenyeji, hali wote hula majani mamoja na kunywa maji mamoja?

Kabla ya kisu kuguswa

Nilipofika niliwakuta vijana wamekwisha noa visu. Niliwaomba wakae kando, na sababu yake yafaa kila mtu aijue. Mnyama aliyekufa ghafula aweza kuwa amekufa kwa kimeta. Mzoga wa kimeta haupasuliwi kamwe, kwa kuwa vijidudu vyake vikipata hewa hujifunga ndani ya ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi sana, na mtu anayechuna au kula nyama hiyo aweza kufa. Dalili zake za nje ni mzoga kuvimba upesi mno, kutokukakamaa vizuri, na damu nyeusi isiyoganda kutoka puani, mdomoni na nyuma.

Mtamba huyu alikuwa amekakamaa kama ilivyo desturi. Kutoka puani mwake palitoka povu jingi jeupe, lakini si damu. Hata hivyo macho peke yake hayatoshi. Nilichoma mshipa wa sikio, nikachukua tone dogo la damu, nikalipaka juu ya kioo, nikalitia rangi na kulitazama kwa hadubini niliyokuwa nayo garini. Sikuona vijiti vya kimeta. Ndipo nikakubali mzoga upasuliwe. Wale waliomla mtamba wa kwanza hawakupimiwa damu kabla ya kula. Kwamba hawakudhurika ni bahati yao, maana kama kingalikuwa kimeta, leo tungalikuwa tukizungumza habari za mazishi ya watu.

Yaliyoonekana ndani ya mzoga

Kwanza nilitazama ngozi. Ndani ya masikio yote mawili, hasa penye nywele, walijaa kupe wadogo wa rangi ya kahawia. Tezi iliyo chini ya sikio na tezi iliyo mbele ya bega zilikuwa zimevimba mara kadhaa kupita kiasi chake. Nilipozikata zilikuwa zimejaa maji, na mahali pengine zina wekundu wa damu.

Tulimlaza mzoga kwa ubavu wa kushoto, ili tumbo kubwa libaki chini lisituzuie, tukafungua kifua. Hapo ndipo palipokuwa na habari kubwa. Mapafu ya mnyama aliyekufa, kifua kikifunguliwa, hunywea kama mfuko uliotoka hewa. Haya hayakunywea. Yalikuwa yamejaa, mazito, yanang'aa kwa maji, na nilipoyakata maji yenye povu yalitiririka juu ya kisu. Bomba la hewa lilijaa povu tangu mapafuni hata kooni. Kwa maneno mengine, mtamba huyu alizama katika maji ya mwili wake mwenyewe, akiwa amesimama nchi kavu. Ndiyo sababu alihema na kunyoosha shingo.

Katika tumbo la nne palikuwa na vidonda vidogo vyekundu. Katika figo palikuwa na madoa meupe, kama punje zilizotawanywa.

Nilitazama pia yale ambayo hayakuwapo, kwa maana daktari hujifunza kwa asichokiona kama ajifunzavyo kwa akionacho. Wengu haukuwa mkubwa wala mweusi kama lami, kama uwavyo katika kimeta. Mkojo uliobaki kibofuni ulikuwa safi. Haukuwa mwekundu, kwa hiyo haukuwa ule ugonjwa wa kukojoa damu. Nyama na mafuta hayakuwa ya manjano, na kifuko cha nyongo hakikujaa nyongo nzito, basi haikuwa ndigana baridi. Mfuko wa moyo haukujaa maji, kama uwavyo katika ugonjwa wa maji ya moyo.

Na sumu je? Nilifungua tumbo kubwa mbele ya wazee watatu. Palikuwa na majani tu. Hapakuwa na harufu ya dawa, wala ngozi ya ndani ya tumbo haikuungua. Lakini zaidi ya hayo, sumu kali za shambani na dawa za kupe zilizonywewa huua kwa saa au kwa siku moja mbili, na mnyama hutetemeka na kutokwa na ute mdomoni. Hazivimbishi tezi za masikio, wala hazimwuguzi mnyama wiki nzima akiwa na homa.

Mwisho nilichukua maji ya ile tezi iliyovimba, nikayapaka kioo na kuyatia rangi. Ndani ya chembe nyeupe za tezi niliona madoa ya samawati yenye vitone vyekundu ndani yake. Hayo ndiyo madoa yaitwayo kwa jina la Robert Koch, daktari wa Kijerumani. Yakionekana mengi pamoja na dalili nilizozitaja, shaka haibaki. Mitamba hawa waliuawa na ndigana kali, ambayo wengi wetu huiita Ist Kosti.

Kwa nini wageni wakafa na wenyeji wakabaki

Sasa nirudi kwenye lile swali la watu. Ndigana kali huletwa na kijidudu kinachochukuliwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni. Kupe huyu hula mara tatu katika maisha yake, kila mara juu ya mnyama mwingine: akiwa mchanga kabisa, akiwa kijana, na akiwa mkubwa. Akinyonya damu ya ng'ombe mwenye vijidudu, huanguka chini, akajibadili, akapanda tena juu ya majani. Anapomshika ng'ombe wa pili humwachia vijidudu hivyo pamoja na mate yake.

Ng'ombe wa kienyeji wa hapa Kakamega huumwa na kupe tangu akiwa ndama. Wapo ndama wanaokufa, lakini wengi huugua kidogo na kupona, na aliyepona hapatwi kwa urahisi tena. Ila vijidudu vichache hubaki damuni mwake muda mrefu. Yeye ni mzima, lakini kupe wakimnyonya hupata vijidudu kutoka kwake. Basi uwanja ule wa kando ya kijito, uliolishwa na ng'ombe wazima watano, ulikuwa umejaa kupe wenye mauti. Mitamba waliokulia bandani hawakupata kuumwa nao hata mara moja.

Jambo hili si jipya. Mnamo miaka ya 1901 na 1902 ng'ombe kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki walipelekwa kwa meli hata Beira, na kutoka huko wakaingizwa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Baada ya hapo ng'ombe wa nchi ile walikufa kwa wingi mno, na ndipo ugonjwa huu ulipopata jina la homa ya pwani ya mashariki. Huko ugonjwa ulihamishwa ukapelekwa kwa ng'ombe wasioujua. Hapa ng'ombe wasioujua wamehamishwa wakaletwa penye ugonjwa. Mwisho wake ni mmoja.

Hesabu ya siku

Nataka sasa tuhesabu siku pamoja, kwa maana hesabu hii ndiyo inayomtoa jirani katika lawama, nayo ndiyo itakayookoa ng'ombe wenu.

Kupe anapomshika ng'ombe, vijidudu vilivyo katika mate yake huwa bado havijakomaa. Hukomaa kupe akiwa ananyonya, na kwa kawaida huanza kuingia kwa ng'ombe kwa wingi kama siku ya tatu au ya nne. Maana yake ni kwamba mfugaji amepewa siku tatu. Akimwua kupe ndani ya siku hizo, ng'ombe amepona kabla ya kuugua.

Mitamba hawa walianza kulisha Jumatatu. Kupe waliowashika Jumatatu walikuwa tayari kutoa vijidudu kufikia Alhamisi au Ijumaa. Dawa ilipigwa Jumamosi. Ilikuwa sawa na kufunga mlango wakati mwizi yumo ndani. Tangu vijidudu kuanza kuingia hata homa na uvimbe kuonekana huwa kama wiki moja au zaidi kidogo. Nao walianza kuonekana wagonjwa siku ya 12. Tangu hapo hata kifo huwa tena wiki moja au zaidi. Nao walikufa siku ya 19, ya 20 na ya 21. Kila siku iko mahali pake. Hakuna nafasi iliyobaki ya mtu kuja usiku na sumu.

Tena dawa yenyewe ilikuwa dhaifu. Chupa yake ilikuwa ya amitrazi ya asilimia 12.5, ambayo huchanganywa mililita 20 kwa kila lita 10 za maji. Mwenyewe alitia mililita 10 katika lita 20, yaani robo tu ya nguvu ipasayo, kisha bomba hilo moja likagawanywa kwa ng'ombe tisa. Ng'ombe mkubwa ahitaji lita nne au tano hata alowe. Dawa hiyo ilipita juu ya mgongo, lakini ndani ya masikio haikufika. Na dawa dhaifu ina hasara ya pili: haiwaui kupe, ila huwafundisha kuizoea, hata siku moja iliyo kamili nayo isifae kitu.

Mtamba wa nne

Nilimpima mtamba aliyebaki. Joto lake lilikuwa digrii 40.9, na ng'ombe mzima hupita kwa shida digrii 39. Tezi ya sikio ilikuwa imevimba, lakini alikuwa bado akila na pumzi yake ilikuwa ya kawaida. Nilichukua maji ya tezi kwa sindano, nikaona madoa yale yale. Nilimchoma buparvakwoni, mililita moja kwa kila kilo 20 za uzito. Kwa kuwa alikuwa na kilo kama 200, alipata mililita 10 katika nyama ya shingo, na nyingine kama hizo baada ya saa 48. Siku ya nne homa ilishuka. Leo yu hai, ingawa amekonda.

Angalieni tofauti. Wenzake walichomwa oksitetrasaiklini baada ya kuugua, na dawa hiyo haiponyi ndigana kali iliyokwisha anza. Hata buparvakwoni, ambayo ndiyo dawa yake, haifai sana mapafu yakisha jaa maji. Bei ya chupa ni kubwa, lakini iliyo kubwa zaidi ni bei ya kuchelewa siku tatu.

Yatupasayo kufanya

La kwanza ni juu ya mzoga. Ng'ombe akifa, msimpasue, msimchune, wala msimle kabla damu haijapimwa. Mwiteni Afisa wa Mifugo mara moja, siku ile ile, kwa kuwa mzoga wa jana umekwisha oza, na tezi na mapafu yake hayasemi kweli tena. Ufunikeni matawi ili mbwa wasiuguse. Baada ya uchunguzi uzikwe shimo refu.

La pili ni juu ya ng'ombe mgeni. Mpige dawa kabla hajatoka atokako, na tena siku anayofika. Ukiweza mfungie bandani, na majani yake uyakate mahali ambapo ng'ombe hawalishi, kwa maana kupe husafiri hata ndani ya mzigo wa majani. Ikiwa lazima atoke malishoni, mpige dawa mara mbili kwa wiki, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi, hasa katika miezi ya mvua. Soma maandishi ya chupa, pima kwa kipimo si kwa kifuniko, na anza na masikio, kisha chini ya mkia, kwapani na kiweleni. Na wale wa kienyeji nao wapigwe dawa, kwa kuwa uzima wao si usalama wa wenzao.

La tatu, kwa mwezi mzima wa kwanza, kila asubuhi pitisha mkono chini ya masikio ya mgeni na mbele ya mabega. Kipimajoto si ghali. Joto likipita digrii 39.5 na tezi imevimba, usingoje kikohozi.

La nne ni chanjo. Kazi kubwa ya chanjo hii ilifanywa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970. Ng'ombe huchomwa vijidudu hai vya ndigana kali, na wakati huo huo huchomwa oksitetrasaiklini ya kudumu muda mrefu, ili ugonjwa uwe mdogo na mwili ujifunze kuushinda. Mtaona kwamba dawa ile isiyoponya mgonjwa hufaa inapotolewa siku ile ile vijidudu vinapoingia. Chanjo huchomwa mara moja, na kinga yake huendelea miaka mingi. Lakini ina masharti. Hukaa katika chombo cha baridi kali mno, na ikisha funguliwa lazima itumike siku hiyo hiyo kwa ng'ombe wengi, kwa hiyo yafaa majirani wapatane na kuleta ng'ombe wao pamoja. Mnyama mgonjwa au aliyedhoofika hachanjwi. Kinga huchukua wiki kadhaa kukomaa, basi afadhali mtamba achanjwe kabla hujamleta, au abaki bandani hata muda huo upite. Na haizuii ndigana baridi, wala maji ya moyo, wala kukojoa damu. Kwa hiyo bomba la dawa lisitupwe.

Ndugu zangu, hayo ndiyo niliyoyaona. Aliyewaua mitamba hawa ni mdogo kuliko punje ya mtama, naye alikuwa masikioni mwao siku zote. Jirani aliyetuhumiwa yuko hapa barazani, na wazee watatu walioona tumbo likifunguliwa wako hapa pia. Nawaomba wayaseme mbele yenu waliyoyaona kwa macho yao, ili neno hili liishie hapa. Kisha walio na ng'ombe wa gredi wabaki kidogo, tuandike orodha ya wanaotaka chanjo.